Ushahidi wa Simu Hugeukaje Karatasi?

MAMA mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, ameniletea swali ambalo nadhani linawahusu wapangaji wengi. Alihama nyumba mwishoni mwa Mei 2025 baada ya kukaa humo miaka minne. Kodi ilikuwa shilingi 18,000 kwa mwezi na dipoziti yake ilikuwa ya miezi miwili, yaani shilingi 36,000. Alipoidai, mwenye nyumba akamwambia kwamba kodi ya Aprili haikulipwa, na kwamba pesa zinazobaki zimeliwa na rangi ya ukuta. Mama anajua alilipa. Ujumbe wa M-Pesa anao, na kwenye WhatsApp mwenye nyumba mwenyewe alimwandikia, "Nimeona, asante." Hata lile tangazo la nyumba, lililosema waziwazi kwamba dipoziti hurudishwa, bado liko mtandaoni. Kila kitu kimo ndani ya simu. Anachouliza ni hiki: atavitoaje humo viwe karatasi ambazo mtu anaweza kuziweka mezani, na je, ile printa ya mwanawe isiyotumia waya itaweza kuzichapa?

Itaweza. Lakini ningemwomba aisahau printa kwanza. Watu wengi huanza na printa, ikikataa wakakata tamaa, na siku zikipita tangazo likaondolewa mtandaoni na simu ikaibwa kwenye matatu. Kazi ya kwanza ni kugeuza kila kitu kiwe faili ya PDF na kuiweka mahali salama. Kuichapa ni kazi ya pili, ambayo inaweza kungoja hata mwezi mzima bila madhara.

PDF ni nini? Ni aina ya faili iliyobuniwa na kampuni ya Adobe na kutolewa mwaka wa 1993, na sifa yake kubwa ni kwamba ukurasa hugandishwa. Herufi, picha na mipaka ya karatasi vinafungwa pamoja, hata ukiifungua faili hiyo kwenye simu yako, kompyuta ya ofisi au ile ya saiba, mistari haihami. Barua iliyoandikwa kwa Word haina uhakika huo. Mara nyingi imetoka kwa mwenyewe ikiwa kurasa mbili, ikafika saiba ikiwa tatu.

Na hapa pana jambo ambalo wenye simu za Android wengi hawalijui. Tangu toleo la 4.4, lililotoka mwaka wa 2013, simu hizo zina printa ya bandia ndani yake. Haina wino wala karatasi. Unaiamuru ichape, nayo badala ya kutoa karatasi inakutengenezea PDF. Jina lake kwenye skrini ni "Save as PDF", na utaikuta mahali popote palipo na neno "Print". Ukiijua hiyo, umeijua nusu ya kazi.

Tuanze na lile tangazo la nyumba, kwa sababu ndilo linaloweza kutoweka wakati wowote. Mama alifungue kwa Chrome, kisha ateremke polepole mpaka mwisho wa ukurasa. Hilo si kupoteza wakati. Kurasa nyingi za siku hizi hazileti picha zake zote mara moja. Huzileta kadiri unavyoteremka, na ukichapa kabla picha hazijafika utapata mapengo matupu. Kama kuna sehemu iliyokunjwa, ile inayokuambia ubonyeze ili usome zaidi, aikunjue. Sehemu iliyokunjwa aghalabu haitoki kwenye karatasi, na masharti ya dipoziti hupenda sana kujificha huko.

Baada ya hapo abonyeze zile nukta tatu zilizo juu kwenye kona, achague "Share", halafu "Print". Itafunguka skrini inayoonyesha kurasa jinsi zitakavyokuwa. Juu kabisa pameandikwa jina la printa. Akibonyeze kisehemu hicho na kuchagua "Save as PDF". Kabla ya kuhifadhi, avute skrini hiyo chini ili aone mipangilio mingine, na hapo atazame mahali palipoandikwa "Paper size".

Niwie radhi nikikaa kidogo kwenye saizi ya karatasi, maana huku ndiko matatizo mengi yanakoanzia. Karatasi tunayotumia Kenya ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Wamarekani wanatumia yao iitwayo Letter, ambayo ni pana zaidi, milimita 216, lakini fupi, milimita 279. Simu iliyowekwa lugha ya "English (United States)", na simu nyingi zinazouzwa hapa huwekwa hivyo tangu siku ya kwanza, hudhani kwamba mwenyewe yuko Marekani na kumchagulia Letter. Faili ikifika kwenye printa yenye A4, ama ukingo mmoja unakatwa, ama printa inasimama na kuwasha taa ikidai iwekewe karatasi ambayo haiuzwi hata katika duka moja mtaani. Mtu anadhani printa imeharibika, kumbe inangoja karatasi ya Kimarekani. Mama achague "ISO A4" na mambo yaendelee.

Akishahifadhi, aifungue faili hiyo na kuisoma. Je, bei imo? Sharti la dipoziti limo? Anwani ya ukurasa na tarehe ya siku aliyouhifadhi je? Hizi mbili za mwisho si lazima zionekane zenyewe. Kama hazimo, ainakili anwani na kuihifadhi pamoja na faili, na kwenye jina la faili aandike tarehe. Jina kama "Tangazo-nyumba-Umoja-2025-06-08" litamsaidia zaidi kuliko jina la kubahatisha ambalo simu itampa. Mwenye iPhone naye hufika huko huko kwa njia yake: kwenye Safari anabonyeza alama ya kushiriki, anachagua "Print", kisha anaitanua kwa vidole viwili ile picha ya ukurasa. Ikijaa skrini, tayari imekuwa PDF na anaweza kuihifadhi kwenye "Files".

Sasa twende kwa jumbe, ambazo ndizo mzizi wa kesi. WhatsApp haina neno "Print" mahali popote. Wengi hupiga picha za skrini, na si vibaya, lakini picha 60 za mazungumzo ya mwaka mzima ni mzigo kwa anayesoma. Njia iliyo bora ni kuyatoa mazungumzo yote kama maandishi. Ukiwa ndani ya mazungumzo na mtu huyo, bonyeza nukta tatu, kisha "More", kisha "Export chat", na uchague "Without media" kama hutaki picha na sauti. Tuma kwenye anwani yako mwenyewe ya barua pepe. Utapokea faili inayoishia na .txt, ambayo ndani yake kila ujumbe una tarehe, saa na jina la aliyeuandika.

Hapo ndipo mama wa Umoja alipokaribia kupata hasara, na nashukuru alinionyesha kabla ya kumpelekea mtu yeyote. Mstari aliokuwa akiutegemea ulitoka hivi:

```
4/3/25, 6:42 PM - Mwenye Nyumba: Nimeona, asante
```

Usome tena kama Mkenya. Ni tarehe 4 Machi, sivyo? Basi mwenye nyumba angesema, na kwa haki kabisa, kwamba alikuwa akishukuru kwa kodi ya Machi. Ukweli ni kwamba ujumbe ule uliandikwa tarehe 3 Aprili. Ile lugha ya "English (United States)" iliyotuletea karatasi ya Letter ndiyo pia iliyotanguliza mwezi mbele ya siku. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, "Settings", "System", "Languages", kuweka Kiswahili au "English (United Kingdom)", na kuyatoa mazungumzo upya. Siku inatangulia, mwezi unafuata, na hoja ya mwenye nyumba inakosa pa kusimama. Usiingie kwenye faili na kuzisahihisha tarehe kwa mkono. Faili uliyoihariri, hata kwa nia njema, imepoteza uzito wake.

Ona pia jina lililo kwenye mstari huo. "Mwenye Nyumba" ni jina alilolihifadhi mama mwenyewe katika simu yake. Angeweza kumwita shangazi yeyote kwa jina hilo. Kwa hiyo lazima apige picha moja ya skrini inayoonyesha ukurasa wa mwasiliani huyo pamoja na nambari yake ya simu, na picha nyingine ya sehemu yenye ule ujumbe wenyewe jinsi unavyoonekana ndani ya WhatsApp. Maandishi yanaonyesha mfululizo wa mazungumzo; picha zinayaunganisha na nambari ya mtu.

Kuna mambo mawili yanayoweza kumzuia. Ujumbe wa sauti hautoki kama maneno: kwenye faili utaona tu "<Media omitted>", na kwa hiyo sauti ihifadhiwe peke yake kama sauti. La pili ni jipya zaidi. Mwaka wa 2025 WhatsApp ilileta mpangilio uitwao "Advanced chat privacy", ambao mmojawapo wa wanaozungumza akiuwasha, kutoa mazungumzo kwa njia hiyo kunazuiwa. Ukikutana na hilo, rudi kwenye picha za skrini. Na kama jumbe zimewekewa kujifuta baada ya siku kadhaa, usingoje Jumapili nyingine.

Kuyageuza hayo yote yawe PDF ni kazi ya dakika kumi. Fungua hati mpya katika Google Docs. Nakili maandishi ya ile faili uyabandike humo, kisha ingiza picha za skrini chini yake, kila moja kwenye ukurasa wake ili ziwe kubwa za kusomeka. Bonyeza nukta tatu, "Share & export", halafu "Save as", uchague PDF. Ile faili ya .txt ya mwanzo iache kwenye barua pepe kama ilivyofika, bila kuigusa. Mtu akitilia shaka nakala uliyoibandika, utamwonyesha ya asili.

Ujumbe wa M-Pesa je? Picha ya skrini inatosha kuanzia, mradi isikatwe. Jina la aliyetuma, MPESA, lionekane juu, na ujumbe wote uwemo kuanzia ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi. Lakini ujumbe mmoja ni rahisi kubishiwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maandishi ya simu yanaweza kubuniwa. Taarifa ya akaunti ina nguvu zaidi, kwani imetoka kwa wenye huduma. Mama anaweza kuiagiza kwenye programu ya M-Pesa, au kwa kupiga *334#, na ataletewa PDF iliyokwisha kutengenezwa. Ina safu iitwayo "Receipt No.", na ndani ya safu hiyo ataikuta nambari ile ile ya tarakimu kumi iliyo kwenye ujumbe wake. Azitie alama zote mbili kwa kalamu zikishachapwa. Anayesoma ataona mara moja kwamba shilingi 18,000 za tarehe 3 Aprili zilitoka, na zilimwendea nani.

Aombe taarifa ya miezi inayohusika tu. Taarifa ya mwaka mzima inamwonyesha mwenye nyumba pesa alizomtumia mama yake kijijini, duka analonunua unga na deni analolipa. Hayo hayamhusu.

Taarifa hiyo huja ikiwa imefungwa, na kuifungua unahitaji nambari ya siri unayotumiwa. Ukiipeleka hivyo hivyo kwa mtu mwingine aichape, atakwama, na baadhi ya simu nazo hukataa kuchapa faili iliyofungwa. Njia rahisi ni kuifungua kwenye kompyuta kwa Chrome, kuingiza nambari, kubonyeza Ctrl na P kwa pamoja, na kuchagua "Save as PDF" badala ya printa. Nakala itakayotoka haina kufuli. Ile yenye kufuli usiifute. Ndiyo ya asili.

Kabla hatujafika kwenye printa, neno moja kuhusu sheria, ingawa mimi si wakili. Madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka wa 2021. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe huko. Na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inazungumza juu ya cheti kinachoandamana na nakala iliyotoka kwenye kifaa cha elektroniki: kinaitambulisha nakala hiyo, kinaeleza jinsi ilivyotolewa, na kinataja kifaa kilichotumika. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, lakini mama akiwa ameandika kwenye daftari lake siku aliyohifadhi kila faili, aina ya simu aliyotumia, hatua alizofuata na printa iliyochapa, cheti hicho kitaandikwa kwa urahisi na kwa ukweli. Asipoandika, baada ya miezi mitatu hatakumbuka.

Haya, sasa printa ya kijana. Simu inapotafuta printa kwa waifai haiitafuti duniani kote. Inapaza sauti ndani ya mtandao mmoja tu, ule wa nyumbani, kama mtu anayeita ndani ya ua. Printa iliyo nje ya ua huo haisikii, hata ikiwa juu ya meza hiyo hiyo. Kwa hiyo yule anayeona skrini ikisema tu kwamba inatafuta, bila kupata kitu, aanze kwa kuuliza kama simu na printa ziko kwenye ua mmoja.

Mara nyingi haziko. Simu inatumia bando na waifai imezimwa. Hilo ndilo la kwanza kutazama. Au simu imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni ambao ruta huutenga kwa makusudi ili wageni wasiviguse vifaa vya nyumbani. Au kuna kile kifaa cha kurefusha mawimbi kilichonunuliwa ili chumba cha nyuma kipate intaneti, nacho kimeanzisha mtandao wake. Mabweni ya vyuo nayo hupenda kuvitenga vifaa visionane hata kama vyote vimeunganishwa, na mwanafunzi aliyenunua printa ya bwenini anaweza kuhangaika muhula mzima bila kujua kwamba tatizo si lake. VPN iliyowashwa kwenye simu huweza pia kuificha printa; izime kwanza.

Jinsi ya kuhakikisha ni kulinganisha anwani. Printa nyingi zenye waifai zina kitufe cha kuchapa ukurasa wa habari za mtandao, au menyu inayouonyesha, na humo utaona "IP address". Kwenye simu fungua "Settings", "Network & internet", "Internet", kisha alama ya gurudumu iliyo kando ya jina la waifai yako. Majina haya hubadilika kidogo kutoka simu hadi simu. Kwa yule kijana tuliyakuta hivi:

```
Simu:    192.168.1.14
Printa:  192.168.100.23
```

Kwenye ruta za nyumbani, mafungu matatu ya kwanza yanapaswa kufanana na lile la mwisho litofautiane. Hapa fungu la tatu ni 1 upande mmoja na 100 upande wa pili. Hizo ni nyua mbili. Printa ilikuwa imeunganishwa kwenye kile kifaa cha kurefusha mawimbi, simu ikiwa kwenye ruta. Tuliiunganisha printa upya na ruta, ikapata 192.168.1.23, na simu ikaiona kabla hatujamaliza kuzungumza. Kama printa ingekuwa na anwani inayoanza na 169.254, maana yake ingekuwa kwamba haikupewa anwani yoyote na ruta, na dawa ni kuanza upya kuiunganisha, pengine kwa sababu nenosiri la waifai lilibadilishwa na printa haikuambiwa. Printa nyingi za nyumbani husikia tu mawimbi ya 2.4 GHz, kwa hiyo ukiiunganisha chagua jina la waifai lenye mawimbi hayo.

Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka wa 2017, kuna huduma ya kuchapa iliyokuja na simu ambayo inaelewana na printa za makampuni mengi bila kupakua chochote. Inaitwa "Default Print Service" na iko katika mipangilio, chini ya "Printing". Ukishindwa kuiona, andika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakikisha imewashwa. Kama mko kwenye mtandao mmoja na bado printa haionekani, huduma hiyo inakuruhusu kuiongeza kwa kuandika anwani yake mwenyewe. Kasoro ya njia hii huonekana stima ikipotea. Stima ikirudi, ruta inaweza kuigawia printa anwani nyingine, na simu inaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Ndiyo sababu printa iliyochapa vizuri Ijumaa inaweza kuwa haipatikani Jumamosi ingawa hakuna aliyeigusa. Chapa tena ule ukurasa wa habari uone anwani mpya, au umwombe anayeifahamu ruta yenu aiwekee printa anwani isiyobadilika.

Pasipo ruta kabisa, printa nyingi zina "Wi-Fi Direct". Kwenye orodha ya waifai utaona jina linaloanza na DIRECT-, na simu ikijiunga nalo inazungumza na printa moja kwa moja. Wakati huo huenda usipate intaneti kwa waifai, na ndiyo faida nyingine ya kuwa na PDF tayari ndani ya simu: huhitaji mtandao kuichapa.

Mkifika kwenye kuchapa, fungueni PDF, "Print", chagueni printa, A4, na rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa kurasa zile za picha za WhatsApp, ambapo rangi za visanduku husaidia kutofautisha nani alisema nini. Bonyeza mara moja tu. Karatasi isipotoka, usibonyeze tena na tena. Kila mbonyezo unaingia kwenye foleni, na printa ikiamka itawatolea nakala tano za kurasa zote na kumaliza wino. Vuta chini orodha ya taarifa za simu. Kazi iliyokwama huonekana hapo, na ndipo unapoifuta.

Wasio na printa wataenda saiba, na kwa faili kama hizi ningependa wawe waangalifu. Usifungue WhatsApp yako yote kwenye kompyuta ya saiba kwa ajili ya kurasa sita. Tuma PDF peke yake kwa barua pepe ya saiba, au uibebe kwenye flashi. Kama ulikwisha kuiunganisha WhatsApp huko, fungua "Linked devices" kwenye simu yako na uiondoe kompyuta hiyo kabla hujalipa. Kisha mwombe mhudumu afute faili yako mbele yako, kwenye folda ya "Downloads" na kwenye "Recycle Bin" pia, maana taarifa ya M-Pesa isiyo na kufuli ikibaki huko, atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako ataisoma kuanzia jina lako hadi salio.